Taarifa ya siri: tofauti ya mifuko ya saruji katika ujenzi wa madarasa

Kwa Mkuu wa TAKUKURU (W), Bagamoyo
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa katika ujenzi wa madarasa mawili ya shule ya msingi, unaofanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti. Jina la shule, la mzabuni na majina ya wanaohusika, pamoja na langu, nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni ndani ya bahasha hii, kwa kuwa barua inaweza kupita mikono mingi. Naomba jina langu lihifadhiwe kwa mujibu wa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne na nusu asubuhi, Fuso lilileta saruji shuleni. Tulikuwepo mimi na mwalimu mtunza stoo; mjumbe wa tatu hakuwepo. Nilisimama mlangoni mwa stoo tangu turubai lilipofunguliwa hadi vibarua walipomaliza kushusha. Mifuko ya kilo 50 ilipangwa mistari 14, kila mstari mifuko kumi. Ni mifuko 140. Nilipiga picha mbili kwa simu, na saa ya kupigwa inaonekana. Siku hiyo sikuonyeshwa dilivari noti, nami sikusaini chochote.

Ijumaa tarehe 12, mchana baada ya swala, niliitwa ofisini kusaini hati ya mapokezi. Ilikuwa imeshajazwa: mifuko 200, bei shilingi 17,500 kwa mfuko, jumla shilingi 3,500,000, tarehe ya kupokelewa 9 Septemba. Chini kulikuwa na saini mbili, moja ikiwa kwenye nafasi ya mjumbe ambaye sikumwona siku ya kushusha. Kama ni yake au si yake, siwezi kusema. Sikumwona akisaini na sijamuuliza.

Nilisema mimi nilihesabu 140. Mwalimu mtunza stoo akanijibu, mbele ya mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi: "Ile sitini inakuja kesho, mzabuni amesema gari lilikuwa dogo." Huenda ni kweli. Mzigo kuja kwa awamu si jambo la ajabu. Lakini hati ilisema yote 200 imepokelewa tarehe 9, kwa hiyo nilikataa kusaini na nikaomba iandikwe upya. Haikuandikwa upya mbele yangu.

Jumatatu tarehe 15, saa mbili asubuhi, stoo ilifunguliwa fundi achukue vifaa, nikaomba kuhesabu kabla hajaanza. Ndani kulikuwa na mifuko 118. Leja ilionyesha iliingia 200, ikatoka 22 kwa ajili ya msingi, ikabaki 178. Pungufu ni mifuko 60, ambayo kwa bei ya hati ile ni shilingi 1,050,000. Ukichukua 140 niliyohesabu ukatoa hiyo 22, unapata 118 kamili. Ndiyo maana naamini sikukosea kuhesabu.

Kuna jambo jingine ambalo naliandika kwa tahadhari. Jumamosi tarehe 13, jioni kabla ya magharibi, niliona pikapu nyeupe imebeba mifuko ya saruji ikielekea upande wa barabara ya Msata. Watu wa mtaani wanasema ilitoka shuleni. Mimi sikuiona ikitoka getini, sikusoma namba zake, na saruji hubebwa na magari mengi hapa Bagamoyo. Naomba msiiunganishe na haya ya stoo bila ushahidi wenu wenyewe.

Sijui kama mzabuni ameshalipwa. Sijui kama mifuko 60 iliwahi kutoka dukani kwake, au ililetwa ikawekwa mahali pengine. Simtuhumu mwalimu kuiba. Ana vipindi darasani na stoo amebebeshwa juu yake. Ninachosema ni kwamba karatasi na stoo havilingani, na mimi nilitakiwa kuweka saini kati yake.

Naomba mlinganishe dilivari noti iliyobaki kwa mzabuni, risiti ya EFD, hati ya mapokezi na leja, kisha dereva wa Fuso na vibarua wahojiwe kila mmoja peke yake. Ingefaa stoo ihesabiwe mapema, maana msingi unaendelea na kila siku saruji inatoka. Baada ya wiki mbili hivi hesabu ya mifuko haitathibitisha kitu. Na iwapo fundi atabana saruji ili itoshe, watakaokaa chini ya kuta hizo ni watoto wetu.

Nimeambatisha picha mbili za tarehe 9 na picha ya ukurasa wa leja, niliyoipiga tarehe 15 kwa ruhusa ya mtunza stoo. Hati ya mapokezi sikuipiga picha, ilibaki ofisini.

Niko tayari kutoa maelezo ya maandishi. Nipigieni baada ya saa kumi jioni kwa namba iliyo kwenye karatasi ya pembeni. Tafadhali msinifuate shuleni wala nyumbani.

Mjumbe wa kamati ya mapokezi