Orodha ya Waliotia Sahihi: Karatasi ya 3, Ombi la Kivuko Mbele ya Lango la Shule

Kwa Mama Katibu wa Kamati ya Wazazi

Shikamoo Mama. Hii ni karatasi ya 3 kati ya 7, nimeichapa kutoka kwenye picha mbili ulizonitumia: moja ya upande wa mbele (mstari wa 1 hadi wa 20), nyingine ya upande wa nyuma (mstari wa 21 hadi wa 35, na jina moja lililobanwa chini kabisa). Karatasi yenyewe sijaiona kwa macho, kwa hiyo ninaposema "haisomeki" maana yake haisomeki kwenye picha. Huenda ukiishika mkononi ukaisoma bila taabu.

Kichwa cha karatasi kinasema hivi, na nimekiacha na tahajia yake: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wazazi na wakazi, tunaiyomba halmashauri iweke kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya lango la shule ya msingi, pamoja na alama za kuwatahadharisha madereva."

Namba za orodha ni zilezile za mistari ya karatasi. Mstari mtupu nimeuacha na namba yake, na uliokatwa vilevile, ili mtu akishika karatasi kwa mkono huu na orodha kwa mkono ule, namba 24 iwe namba 24 kote kuwili. Majina yamechapwa kama yalivyoandikwa: aliyeandika Ally sikumfanya Ali, na aliyefupisha sikumrefusha. Safu ya simu sikuichapa kabisa. Orodha hii itapita mikono mingi kabla ya kufika halmashauri, na watu walitoa namba zao kwa kamati, hawakuzitoa kwa kila atakayeishika.

Alama nilizotumia:

[haisomeki] jina, au sehemu yake nzima, haionekani au haitambuliki
[…] mwanzo unasomeka, uliobaki umepotea
[?] nimelisoma neno lililotangulia, lakini kuna herufi ninayoitilia shaka
[imekatwa] mstari umepigwa kalamu juu yake
[wazi] hakuna kilichoandikwa

Maneno mengine yoyote yaliyo ndani ya mabano ya mraba ni yangu, hayamo kwenye karatasi. Pasipo na neno kuhusu sahihi, sahihi ipo.

UPANDE WA MBELE

1. Asha Juma Mbwana
2. Hamisi Salum Kombo
3. Neema Joseph
4. J. P. Mushi
5. Rehema Athumani
6. Salum [?] Omari Bakari
Herufi iliyo kati ya l na m yaweza kuwa u, yaweza kuwa i. Kuna kitone juu yake, lakini karatasi hii ina vitone vya wino kila mahali. Ni Salum au Salim. Salum wa mstari wa 2 hanisaidii, maana mwandiko ni wa mtu mwingine.
7. Fatuma Ally
8. Moh'd Khamis Haji
9. Grace Wanjiru
10. M[haisomeki] Abdallah
Mwanga wa kamera umepiga hapahapa, pakawa peupe. Inaonekana M ya mwanzo na mkia wa herufi inayoshuka chini ya mstari karibu na mwisho. Jina la pili liko wazi.
11. Mama Neema
Ndivyo ilivyoandikwa, na linasomeka vizuri sana. Sikuliwekea alama ya shaka kwa sababu shaka haiko kwenye mwandiko. Kama halmashauri inataka jina la kwenye kitambulisho, mwenyewe itabidi aulizwe. Sikumhusisha na Neema Joseph wa mstari wa 3. Kina Neema ni wengi.
12. Daudi Elias Mollel
13. Tumaini [Elias Mollel]
14. Upendo [Elias Mollel]
Mstari wa 13 na wa 14 una jina la kwanza tu, kisha alama za kurudia chini ya Elias na chini ya Mollel. Nimezijaza ndani ya mabano. Majina yote matatu yameandikwa na mkono mmoja, lakini sahihi ni tatu tofauti kabisa, mojawapo ya mtu anayebonyeza kalamu kwa nguvu hadi karatasi ikaingia ndani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndicho kitu ambacho mtu wa kukagua atakiona kwanza.
15. [imekatwa] Rashidi Mfaume
Kalamu imepita mara moja juu ya jina na juu ya sahihi. Linasomeka. Nani alikata, picha haisemi, ila angalia mstari unaofuata.
16. Rashidi Mfaume Kassimu
17. Zainabu Mussa
18. [haisomeki]
Kidole cha aliyepiga picha kimefunika kisanduku chote cha jina. Sahihi inaonekana upande wa kulia. Hili halihitaji kubahatisha, linahitaji picha nyingine.
19. Peter Otieno [?]
Herufi ya kwanza ya jina la pili imefungwa juu kama O, lakini ina kijimkia upande wa kulia kama a kubwa ya mwandiko wa mkono. Ni Otieno au Atieno. Utaniambia Peter ni mwanamume, basi ni Otieno tu. Inaelekea hivyo. Lakini wapo wanaume wanaotumia jina la mama, na mimi nimeombwa nichape kilichoandikwa.
20. Halima S. […]
Jina la tatu linaanza na herufi yenye mguu mmoja mrefu, kisha linaishia nje ya picha. Pembe ya chini kulia ya karatasi imekatwa, na sahihi nayo inaonekana nusu.

UPANDE WA NYUMA

21. Bakari Shomari
22. Mwanaidi Bakari
23. Mwana[…] Bakari
Wino wa upande wa mbele umepenya hapa ukachanganyika na huu. Baada ya Mwana pana nafasi ya herufi nne au tano. Mwanaisha lingeenea, Mwanahawa lingeenea, na Mwanaidi wa mstari wa juu angekuwa na nafasi ya kubaki. Sikuchagua.
24. Yusuf Ali Makame
25. Esther Nyambura
26. [wazi]
27. Mzee Selemani Pazi [alama ya dole gumba mahali pa sahihi]
Jina limeandikwa na mkono uleule wa mstari wa 28. Mistari ya dole inaonekana vizuri, wino haukujaa kupita kiasi. Neno "Mzee" limo kwenye karatasi, si heshima niliyoongeza mimi.
28. Khadija Selemani
29. Lukas Ngowi [sahihi haipo]
Jina, mtaa na simu vimejazwa, kisanduku cha sahihi ni cheupe. Picha ni safi sehemu hii, kwa hiyo si suala la kutoonekana.
30. [haisomeki]
Kwenye kisanduku cha jina pamewekwa sahihi, na kwenye kisanduku cha sahihi pamewekwa sahihi ileile. Ni duara kubwa, mstari unaopita katikati yake, na nukta mbili. Nimeigeuza picha, nimeikuza, nimeongeza giza la wino. Haikutoa hata herufi moja. Picha bora haitasaidia hapa. Huyu atafutwe kwa safu ya mtaa na simu, ambazo amezijaza kwa maandishi ya kawaida.
31. Jumanne Issa
32. Ramadhani Chande [?]
Herufi ya mwisho ni e au a. Imebanwa na ukingo wa kisanduku.
33. Asha Juma
Angalia mstari wa 1, Asha Juma Mbwana. Mwandiko ni tofauti na sahihi ni tofauti, na majina haya mawili yakikutana si ajabu. Nimewaacha kama watu wawili. Safu ya simu unayo wewe: kama namba ni moja, futa huu wa pili.
34. Prisca Massawe
35. [haisomeki], k.n.y. Tatu Hassan
Anayewakilishwa anasomeka, aliyetia sahihi hasomeki. Jina lake limeandikwa kwa haraka, linaanza na H au K, na limepanda juu ya mstari wa kisanduku.
36. Michael Kessy
Kwenye karatasi hana namba. Mistari iliyochapishwa inaishia 35, naye ameandika kwenye pambizo ya chini, jina na sahihi, bila mtaa wala simu. Namba 36 nimempa mimi.

HESABU YA KARATASI HII

Mistari yote, pamoja na wa pambizo: 36. Majina yanayosomeka bila shaka: 25. Yenye herufi ya kutiliwa shaka: 3 (mstari wa 6, 19, 32). Yaliyopotea sehemu, pamoja na aliyesaini kwa niaba: 4 (10, 20, 23, 35). Yasiyosomeka kabisa: 2 (18, 30). Uliokatwa: 1. Mtupu: 1. Kati ya yale 25, Lukas Ngowi hana sahihi, kwa hiyo usimhesabu kama mtu aliyesaini mpaka asaini.

NINAYOYAOMBA KWAKO

Picha mpya ya upande wa mbele, tafadhali. Karatasi ilazwe juu ya meza karibu na dirisha, mwanga wa kamera uzimwe, na pembe zote nne zionekane; pembe zikikunjamana, weka kitu kizito ukingoni, si kidole. Picha hiyo moja huenda ikamaliza mstari wa 10, 18 na 20 kwa pamoja. Ukipata nafasi piga na mstari wa 6 kwa karibu, kitone kile tukijue ni cha herufi au ni cha kalamu.

Kwa upande wa nyuma, weka karatasi nyeusi chini yake kabla ya kupiga. Maandishi yanayoonekana kutoka ng'ambo hufifia, na mstari wa 23 unaweza kufunguka. Kama wino wenyewe umelowa hadi huku, basi haitasaidia, na Mwanaidi Bakari wa mstari wa 22 huenda akamjua aliyeandika baada yake.

Wa kuulizwa ana kwa ana ni wa mstari wa 19, 30, 32 na 35. Mtu asiwasomee kwanza majina niliyoyadhani. Ukimwambia mtu "wewe ni Chande, sivyo?" ataitikia tu ili mambo yaishe. Aombwe aandike jina lake upya kwenye karatasi ya pembeni kwa herufi kubwa, na karatasi hiyo ibaki kwenye jalada pamoja na hii.

Jambo moja si langu kuamua. Mstari wa 27 na wa 35 inategemea utaratibu wa halmashauri: kama wanapokea dole gumba bila shahidi, na kama wanapokea sahihi ya kwa niaba. Waulizwe kabla ya kupeleka, maana Mzee Pazi akihitaji shahidi, Khadija Selemani ndiye anayeelekea kuwa aliandika jina lake, na ni rahisi kumpata leo kuliko baada ya ombi kurudishwa.

Orodha safi, isiyo na maelezo haya, sijaitengeneza. Nitaitoa ukishanijibu kuhusu mistari yenye alama, na isiyopata jibu itabaki na [haisomeki] yake hata kwenye nakala ya mwisho. Karatasi ya 4 nimeshaifungua. Imepigwa nje mchana, na ukiacha mstari mmoja uliomwagikiwa na kitu, inasomeka yote.