Nusu Kilo kwa Kila Pimo

Maharage yaliyotoka kuchambuliwa yalikuwa mengi kuliko yale ambayo kina mama walilipwa kwa kuyachambua. Kwa mtu anayeshika kadi za stoo, jambo hilo halikubaliki. Mzigo unaweza kupungua, maana kuna mawe, vumbi, maharage yaliyotobolewa na wadudu, na gunia lililopasuka njiani. Kuongezeka hauwezi.

Ghala lenyewe liko Moshi, upande wa viwandani, karibu na reli. Msimu wa mavuno malori huleta maharage kutoka Siha, Karatu na Mbulu, mengi yakiwa Lyamungu 90, yale makubwa mekundu yenye madoa. Kina mama 40 hivi hukaa chini ya paa la mabati na kuyachambua kwa mkono. Kila anayejaza beseni lake hulipeleka kwenye mizani, karani anaandika, na kazi inaendelea. Mwaka ule malipo yalikuwa shilingi 120 kwa kilo ya maharage safi, na pesa zilitolewa Jumamosi mchana. Maharage safi yalifungwa kwenye magunia ya kilo 50 kusubiri magari ya Holili.

Mimi nilikuwa upande wa magunia. Karani, tumwite Elia, alikuwa upande wa mizani na malipo. Karatasi zake zilikwenda kwa mhasibu, zangu kwa meneja wa ghala, na tangu msimu uanze hakuna aliyewahi kuziweka mezani pamoja. Nilizikutanisha mwezi wa tisa kwa sababu mnunuzi alitaka kujua gharama ya kuchambua kila gunia. Jumatano ya wiki ile tulifunga magunia 50 na zikabaki kilo 40, yaani kilo 2,540. Orodha ya malipo ya siku hiyo hiyo ilisema kina mama wamechambua kilo 2,400.

Nikaangalia Jumanne. Tofauti ilikuwa kilo 138. Jumatatu, kilo 143. Jumamosi iliyopita, siku ya nusu kazi, kilo 81.

Upande wa pili wa ghala manung'uniko yalikuwa yameanza zamani. Kina mama walisema mizani inawaibia. Ilikuwa mpya, ya namba, imeletwa mwezi wa saba kuchukua nafasi ya ile ya zamani ya mshale, na tangu ije pesa zimekuwa nyembamba. Meneja, na kwa hili nampa haki yake, hakuwapuuza. Aliwaita watu wa Wakala wa Vipimo, wakaja na mawe yao ya kupimia, wakaweka la kilo 5, la 10, la 20. Mizani ilisoma sawasawa kila mara. Wakaondoka, na ule ukweli kwamba mizani ni nzima ukageuka kuwa fimbo ya kuwachapia kina mama. Kila aliyelalamika aliambiwa: si mmeona wenyewe mizani imepimwa? Fanyeni kazi.

Ilipoonekana mizani haina kosa, maneno yakamhamia Elia. Alikuwa amenunua pikipiki mwezi wa nane. Nani asiyejua, watu wakasema, mshahara wa karani haununui pikipiki.

Aliyetutoa kwenye maneno hayo ni Mama Aika. Amechambua kahawa, mahindi na maharage katika maghala ya mji huu tangu wanawe wakiwa wadogo. Nilimkuta mapumziko ya chai, nikamwamkia, nikamwomba aniambie anavyoona yeye.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sisemi mtu ni mwizi," alinijibu. "Nakuambia nilichokiona. Nikibeba beseni kubwa, likajaa hadi juu, nikaenda mizani mara nne, jioni nakuwa na kilo nyingi. Nikichukua dogo nikaenda mara saba au nane, kilo zinapungua. Na mimi ndiye yule yule, na mikono ni hii hii. Kwa nini?"

Nikamuuliza ana uhakika gani. Akatoa daftari la shule kwenye kikapu, lile la kurasa 48. Kila alipopima alisoma namba kwenye kioo cha mizani na kuiandika kabla hajarudi kukaa. Jumatano ile alikuwa na mapimo saba: 8.6, 9.3, 8.8, 9.4, 8.7, 9.1 na 8.9. Nilijumlisha mbele yake nikapata kilo 62.8. Kwenye orodha ya malipo alikuwa na kilo 59.

Kilo 3.8 kwa siku ni shilingi 456. Mtu aliyeshiba ataiona ndogo. Kwa mama anayetoka Pasua kwa miguu ili aokoe nauli, si ndogo, na wiki ina siku sita.

Swali lake la beseni ndilo lililofungua kila kitu. Kama mizani ingekuwa inapunja kila kilo, upungufu ungefuata uzito: anayepima nyingi anapoteza nyingi. Huu ulifuata idadi ya mapimo. Nilirudi kwenye kadi zangu na hesabu ikawa nyepesi kuliko nilivyotegemea. Wachambuaji 40, kila mmoja akienda mizani mara saba, ni mapimo 280. Upungufu wa siku, kilo 140 hivi. Nusu kilo kwa kila pimo. Jumamosi huwa wanapima mara nne tu, mapimo 160, na upungufu ni kilo 80 hivi. Nusu kilo tena. Mwizi hachoti kwa usawa namna hiyo. Usawa huo unaletwa na hesabu inayokata kile kilicho baada ya nukta, maana kipande hicho mara kinakuwa kidogo, mara kikubwa, na wastani wake ni karibu nusu.

Nikaenda kwa Elia. Sikutaka kwenda na meneja, wala sikutaka kina mama wasikie kabla hatujaona kwa macho. Daftari lake la mizani lilikuwa safi: kwa Mama Aika ameandika 8.6, 9.3, 8.8, kila namba kama ilivyo kwenye daftari la mama. Kwa hiyo kalamu haikuiba. Akafungua kompyuta, akabonyeza kisanduku cha jumla, na tukaona hiki:

```
=INT(B7)+INT(C7)+INT(D7)+INT(E7)+INT(F7)+INT(G7)+INT(H7)
```

"Hiyo inapeleka kwenye namba nzima iliyo karibu," alisema. "Niliiweka mizani mpya ilipokuja. Mhasibu alilalamika pesa zinatoka na shilingi 32, shilingi 76, na chenji hiyo haipo. Niliijaribu kwanza. Nikaweka 8.2 ikaleta 8, nikaweka 9.4 ikaleta 9. Nikaona iko sawa."

Nikamwambia aweke 8.9.

Akaweka. Ikaleta 8. Akaweka 8.99, ikaleta 8. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, kisha akarudi, akauliza: "Tangu mwezi wa saba?"

Nimesikia watu wakisema ni bahati mbaya tu, na kwamba hata kupeleka kwenye namba ya karibu kungekuwa na makosa. Kungekuwa nayo, ndiyo, lakini yangekwenda pande zote mbili. Mapimo yale saba ya Mama Aika, kila moja likipelekwa kwenye namba nzima iliyo karibu, yanatoa kilo 63, juu kidogo ya haki yake. Siku nyingine angepata pungufu kidogo, na mwisho wa mwezi vingekaribiana. `INT` haijui kupanda. Kwa uzito kama huu inashuka kila mara, na kila mara anayeshuka ni mchambuaji. Halafu ilikuwa inashuka mara saba kwa siku, wakati tatizo la chenji linatokea mara moja kwa wiki, pesa zinapotolewa dirishani.

Pesa zilikwenda wapi? Hazikwenda kwa Elia. Pikipiki ni ya mkopo, na marejesho yake yako kwenye kitabu cha kikundi chao cha kuweka na kukopa. Zilibaki kwenye akaunti ya mwenye ghala, zikionekana kama kazi imefanyika kwa bei nafuu. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Hesabu inayompunja bosi hugunduliwa wiki ya kwanza. Hii ilikaa wiki tisa.

Meneja alipoelezwa alikubali kosa mara moja, kisha akapendekeza turekebishe fomula na kuanza upya Jumatatu. Yaliyopita ni vijisenti, alisema, na nusu ya wale kina mama ni vibarua wa kuja na kuondoka. Mhasibu, ambaye huwa hasemi sana, alimkatalia. Alimkumbusha kwamba chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mwajiri hakati ujira wa mtu ila kwa makato yanayoruhusiwa na sheria au yaliyokubaliwa na mfanyakazi kwa maandishi. Akauliza ni nani kati ya hawa alitia saini kukatwa desimali. Akaongeza kuwa wakienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na daftari la Mama Aika, sisi tutapeleka nini?

Mwenye ghala alipigiwa simu jioni ile. Alisema walipwe wote.

Kazi ya kurudia hesabu aliifanya Elia mwenyewe, usiku, na mimi nikimsomea namba kutoka kwenye madaftari ya mizani. Hapo ndipo nilipoona thamani ya yeye kuandika kila nukta kwa mkono. Angekuwa anaandika namba nzima, haki ile isingepatikana tena. Jumla ilifika kilo 6,997, shilingi 839,640. Fomula mpya ya siku ikawa kujumlisha tu bila kukata, na ya wiki ikawa kupandisha hadi shilingi 50 inayofuata, ambayo ni sarafu iliyopo mfukoni mwa watu:

```
=SUM(B7:H7)
=CEILING(K7*120,50)
```

Elia aliomba kuwaeleza kina mama yeye mwenyewe. Alisimama mbele yao Jumamosi asubuhi, akaandika mapimo saba kwa chaki kwenye mlango wa ghala, akaonyesha kilichokuwa kikikatwa. Wapo waliomsikiliza, na yupo aliyemwambia wazi kwamba mtoto wake alirudishwa nyumbani mwezi wa nane kwa kukosa mchango wa chakula, na samahani haimrudishii siku zile za shule. Elia alisema, "Ni kweli, mama." Hakujitetea.

Sasa orodha ya malipo hubandikwa ukutani kila jioni ikiwa na kila pimo na nukta yake. Mama Aika husimama hapo na daftari lake, na wengine wanne wameanza kuandika ya kwao. Wiki ya pili alikuta pimo lake moja halimo, na lilipotafutwa lilikutwa kwenye mstari wa jirani yake. Likarudishwa kabla giza halijaingia.

Walioondoka kabla ya mwezi wa tisa walikuwa kumi na mmoja. Tulianza na namba za simu, kisha tukauliza sokoni Mbuyuni na Kiboriloni, ambako wengi wao huuza mboga msimu ukiisha. Tisa wamepata pesa zao kwa simu. Wawili bado. Mmoja inasemekana amehamia kwa dada yake Mto wa Mbu, anadai shilingi 9,400. Wa pili hatuna fununu yake, ana 14,050. Mhasibu ameziandika kama deni la ghala, na kila mwisho wa mwezi ananiuliza nimefika wapi.