TAARIFA YA TUKIO: KUKATIKA KWA FAIBA MKOLANI, BARABARA YA KENYATTA

Kwa: Menejimenti
Kutoka: Mhandisi wa zamu, Kituo cha Uendeshaji wa Mtandao, Mwanza
Tarehe ya tukio: Jumanne, 11 Machi 2025

Saa 4:12 asubuhi kebo yetu ya faiba 48 ilikatika Mkolani. Njia kuu ya Usagara ilirudi saa 9:05 alasiri, na wateja wote walikuwa hewani kufikia saa 11:40 jioni.

Chanzo

Kijiko cha mkandarasi aliyekuwa akichimba mtaro wa maji ya mvua kiliivuta kebo. Hakututaarifu kabla ya kuchimba. Hata hivyo, kijiko peke yake kisingetuangusha kiasi hiki. Kebo ya akiba ilikuwa kwenye mtaro huohuo, bomba kwa bomba, zikakatika pamoja. Mawe ya Mkolani yaliacha upenyo mwembamba wa kuchimba, na mtaro wenyewe hapo una sentimita 45 tu, bila zege juu. Nguzo ya alama ilishang'olewa.

Athari

Minara 14 ya Buhongwa, Usagara na Misungwi ilizima. Matawi mawili ya benki yalifunga madirisha, na kituo cha afya kimoja kikaandikisha wagonjwa kwa daftari. Walioumia zaidi ni mawakala wa fedha wa Buhongwa: siku nzima hakuna muamala, na hao hawana mkataba nasi wa kudai fidia.

Matengenezo

Mashine ya kupimia ilionyesha mkato kwenye kilomita 9.6 za kebo, na mafundi walifika saa 5:20. Kebo iliyovutwa huumia mbali na pale ilipokatika: nyuzi za tyubu ya bluu zilionekana nzima, lakini mita 20 kuelekea mjini mwanga ulikuwa ukipotea. Ndiyo maana hatukuunga palepale. Tulibadilisha mita 60 na kuweka maungio mawili, tukianza na nyuzi za njia kuu. Uamuzi huo ulituchelewesha, lakini naamini ulikuwa sahihi. Maungio yote yamepimwa chini ya 0.1 dB.

Kuzuia yasijirudie

Naomba kwanza idhini ya kuhamisha njia ya akiba ipite Igoma, Kisesa, kisha barabara ya mchepuko hadi Usagara. Ni ndefu na ina gharama, ila haigusani na Barabara ya Kenyatta mpaka Usagara kwenyewe. Bila hiyo, tunachoita akiba ni jina tu.

Wakati tukisubiri, zege limwagwe juu ya bomba Mkolani na nguzo zirudishwe kabla mvua za masika hazijakolea. Doria ipite kila wiki panapochimbwa, na namba ya zamu ibandikwe kwenye kila nguzo. Mkandarasi bado ana mita 800 za kuchimba kuelekea Buhongwa. Kuanzia kesho fundi wetu mmoja atakuwa naye eneo la kazi.