Ombi letu kuhusu waifai ya nyumbani

Shikamoo Mama. Poleni na majukumu. Ni sisi wapangaji wa vyumba vinne vya uani, tumekaa jana jioni tukaona tukuandikie pamoja.

Kwanza asante, tangu uvute intaneti hapa Tabata tumepumzika na vifurushi vya simu. Shida ni usiku. Kuanzia saa 2, tivii zenu mbili, kamera za duka na simu zetu vyote vinavuta laini moja, basi inazunguka tu. Juzi Baba Juma alikatika mara tatu kwenye kikao cha kazini, ikabidi atoke barabarani aombe hotspoti kwa bodaboda!

Tunaomba uchague moja kati ya haya. Tuvute laini ya pili ya uani, ufungaji na ada ya mwezi juu yetu. Kwako tunahitaji ruhusa tu ya kupitisha waya ukutani, na fundi ataziba tundu. Au tubaki na laini hii ya 80,000, ila badala ya kila chumba kutoa 20,000, kila chumba kitoe 12,000 na nyumba kubwa itoe 32,000. Tumehesabu vifaa: vyetu vinane, vya kwenu vinane pamoja na kamera. Kama tumekosea hesabu, tusahihishe Mama.

Sisi wengi tunapenda laini ya pili. Mwezi huu tutalipa kama kawaida tarehe 5. Jumapili jioni tukija kuongea utakuwepo?

Wapangaji wako wa uani