Kuomba Haki ya Kujibu Habari ya Uongo Kuhusu Maji ya Vioski vya Rabai

Kamati ya Vioski vya Maji,
Rabai, Kaunti ya Kilifi.
24 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Malalamiko,
Baraza la Vyombo vya Habari Kenya,
Nairobi.

Bwana/Bibi Mwenyekiti,

KUH: HABARI YA UONGO YA TAREHE 4 MACHI 2025

Tunalalamikia kituo cha redio tulichokitaja katika fomu iliyoambatanishwa. Jumanne, 4 Machi, katika taarifa ya habari ya saa moja jioni, kilitangaza kwamba "maabara imegundua kipindupindu katika maji ya vioski vya Rabai". Habari hiyo si kweli. Wala hatukuulizwa lolote kabla haijatangazwa.

Cheti cha maabara alichokinukuu mtangazaji (kiambatisho B) kina sampuli mbili. Ya kwanza ni ya bomba la kioski: E. koli 0 katika mililita 100, klorini iliyobaki miligramu 0.4 kwa lita. Ya pili, yenye E. koli 38, ni ya kisima cha wazi ambacho hakimo katika mtandao wetu. Matokeo ya kisima yakasomwa kana kwamba ni ya vioski. Isitoshe, kipindupindu hakikupimwa kabisa. E. koli ni dalili kwamba maji yameingiwa na kinyesi. Vimelea vya kipindupindu vina kipimo chao, na kipimo hicho hakimo katika cheti.

Kinachotuuma zaidi ya kuchafuliwa jina ni kwamba wateja waliviacha vioski wakaenda kuteka maji kisimani humo humo.

Tarehe 6 Machi tulimpelekea mhariri barua na nakala ya cheti. Nakala yetu iligongwa muhuri wa kupokelewa. Hakujibu. Tarehe 11 neno "kipindupindu" liliondolewa kimyakimya katika tovuti, bila kueleza kuwa habari imesahihishwa. Msikilizaji wa redio hajui hata leo kwamba alidanganywa.

Kwa mujibu wa Ibara ya 35(2) ya Katiba, inayompa mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomwathiri, tunaomba jibu hili lisomwe lote, bila kupunguzwa wala kuongezewa maoni, katika taarifa ya saa moja jioni, siku ya kazi:

"Tarehe 4 Machi kituo hiki kilisema maji ya vioski vya Rabai yana kipindupindu. Si kweli. Sampuli ya kioski haikuwa na E. koli. Iliyokuwa nayo ilitoka katika kisima cha wazi kisicho cha kamati. Kipindupindu hakikupimwa. Maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa."

Maneno hayo yawekwe pia juu ya habari iliyoko mtandaoni, pamoja na tarehe ya kusahihishwa. Wakati shauri likisubiri, tunaomba kituo kiagizwe kuhifadhi rekodi kamili ya taarifa hiyo. Yetu ilinaswa kwa simu na haina sekunde za mwanzo. Hatudai fidia ya fedha.

Wako mwaminifu,

Katibu, kwa niaba ya Kamati

Viambatisho: A – rekodi na maandishi yake, B – cheti cha maabara, C – barua yenye muhuri, D – picha za ukurasa wa tovuti za tarehe 5 na 11 Machi.

Nakala: Mhariri wa kituo