Ushuhuda wa Mteja: Maswali ya Mahojiano na Mpango wa Uhariri

Kwa: katibu wa ushirika, mpiga picha, mhariri
Anayehojiwa: mama mwenye mgahawa jirani na stendi ya Muheza. Anachukua lita 20 za maziwa freshi kila asubuhi, na ndoo moja ya mtindi kila Jumamosi. Ni mteja wetu wa mwaka wa tatu.
Kurekodi: Jumanne, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi
Kazi itakayotoka: video ya dakika 2, na kipande cha sekunde 30 cha kurushwa Wasapu
Mwisho: iwe tayari kabla ya Juni 1, kilele cha Wiki ya Maziwa

Tunachotaka kibaki kichwani mwa mtazamaji

Maziwa ya ushirika hayakatiki jikoni. Basi. Kwa bei, muuza maziwa wa baiskeli anatushinda, na kila mwenye mgahawa Muheza anajua hivyo. Tukianza kushindana naye kwa shilingi tumeshapoteza. Mwenyekiti ameomba dakika moja ya salamu. Asubiri mkutano mkuu. Hapa anasema mteja.

Kabla ya kuwasha kamera

Jikoni kwanza, mahojiano baadaye. Saa 11 chai inachemshwa na chapati zinasukumwa. Tukimkalisha kitini wakati huo akili yake itakuwa kwenye karai. Mahojiano yaanze kama saa 3, watu wa basi wakishapungua.

Redio na feni zizimwe. Friji pia, na mmoja wetu akabidhiwe kazi ya kukumbuka kuiwasha tena. Kipaza sauti kifungwe juu ya mtandio, kwa sababu chini yake kitambaa kinakwaruza na hakuna mhariri wa kuuondoa mkwaruzo huo. Muulizaji akae ubavuni mwa kamera, na mama amtazame yeye.

Asipewe maswali mapema. Aambiwe tu kwamba tutazungumza habari za maziwa na biashara yake. Aombwe kujibu kwa sentensi kamili, maana sauti ya muulizaji itakatwa. Fomu ya ridhaa asomewe, aielewe, ndipo atie saini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Wateja wanaokunywa chai nao waulizwe, asiyetaka asionekane. Hatumlipi, wala siku hiyo asiletewe maziwa ya bure. Chai tutakayokunywa tutailipia.

Maswali

1. Shikamoo mama. Siku yako hapa inaanzaje, tangu unafungua mlango?
(La kumtoa wasiwasi. Hata akizunguka, asikatwe.)

2. Kabla ya kuja kwetu maziwa ulikuwa unayapata wapi?

3. Nipe habari ya siku moja maziwa yalipokukatikia. Ilikuwa saa ngapi? Sufuria gani? Nani alikuwa ameshakaa anasubiri chai?
(Video yote inasimama hapa. Akijibu kwa jumla, "yalikuwa yanakatika sana," mrudishe polepole: "Ile iliyokuuma zaidi, mama, ilikuwaje?" Kisha: uliwaambia nini wateja? Sufuria ile ilikula kiasi gani cha faida ya siku? Akionesha kwa mikono, mpiga picha ashuke kwenye mikono.)

4. Nani alikwambia habari za ushirika, na ulisita nini mwanzoni?

5. Keni ikifika asubuhi, unaangalia nini kabla hujamimina?
(Aoneshe kwa vitendo. Tuliona wiki iliyopita: anafungua, ananusa mfuniko kwanza, halafu anachemsha kidogo kwenye kikombe cha bati. Tunataka kikombe hicho kwa karibu.)

6. Sisi tumewahi kukuangusha? Ilikuwaje, na nani aliishughulikia?
(Katibu aliomba swali hili liondolewe. Linabaki. Wakati wa masika gari lilikwama na maziwa yakamfikia saa 2. Mji mzima unajua. Akilisema mwenyewe, na akasema alipigiwa simu kabla hajapiga yeye, mtazamaji ataamini na mengine.)

7. Mwenzako akikwambia, "Kwa baiskeli ungepata kwa bei ya chini," unamjibuje?

8. Mtindi wa Jumamosi wanunuzi wake ni nani?

9. Kuna jambo sijakuuliza?
(Ukishauliza, nyamaza. Kamera iendelee. Mara nyingi ndipo sentensi nzuri inapotoka.)

"Je, umeridhika na huduma zetu?" lisiulizwe kabisa. Jibu lake ni "ndiyo, sana," na halina kazi mezani kwa mhariri.

Kituo cha kukusanyia maziwa

Mpiga picha aende Jumatano asubuhi, wafugaji wanapoleta. Laktomita ikielea ndani ya maziwa, maana ndiyo inayomfichua aliyeongeza maji. Kisha kipimo cha spiriti kwa karibu sana: maziwa na spiriti kiasi sawasawa, kutikisa, kutazama ukuta wa chupa. Yakifanya chembechembe yamekataliwa, kwa kuwa hayo ndiyo yangekatika motoni. Keni ikikataliwa tuipige, bila sura ya mfugaji. Mwisho, tangi la kupozea na namba yake ikisoma nyuzi 4.

Mpangilio wa dakika 2

0:00–0:08 Povu la chai linapanda, upawa unagonga sufuria. Hakuna nembo. Sauti ya mama inaanza juu ya picha.
0:08–0:20 Yeye ni nani, mgahawa, stendi.
0:20–0:55 Jibu la swali la 3. Tumwachie uso wake. Picha za ziada zisizidi mbili, na muziki usiwepo kabisa.
0:55–1:20 Kituoni. Hakuna msimulizi, ila maandishi mafupi: "Kila keni hupimwa kabla ya kuchanganywa." Tunarudi kwake na kikombe cha bati.
1:20–1:40 Swali la 6.
1:40–1:54 Swali la 7.
1:54–2:00 Nembo na namba ya mauzo.

Jibu la 3 likiwa tamu hadi sekunde 50, punguza kituoni. Likiwa baridi, usilipambe kwa muziki wa huzuni. Panda na la 5.

Kipande cha sekunde 30 kiwe cha wima, 1080x1920, kianze katikati ya kisa cha sufuria na kimalizie na jibu la 7. Kwa hiyo mpiga picha amwache mama katikati ya fremu, pembeni pabaki wazi.

Mambo ya mhariri

Taa ya jikoni ile ni ya manjano. Rekebisha rangi kwa kutazama maziwa, si ukuta: yakionekana ya njano mtu atadhani yameharibika. Maandishi ya chini yawepo mwanzo hadi mwisho, wengi hutazama bila sauti. Yaandike anavyosema, Kitanga chake kisinyooshwe. Muziki uwe wenye kibali cha mwenyewe, si taarabu iliyonaswa redioni.

Akisema maziwa yanaondoa sumu mwilini au yanatibu vidonda vya tumbo, kata. Hata kama anaamini, kwenye video yetu litakuwa dai letu. Vivyo hivyo lolote kuhusu watoto wachanga.

Unaweza kufupisha jibu, lakini usiunganishe nusu ya jibu moja na nusu ya jingine likawa jambo ambalo hakulisema.

Nani anaona nini

Mkato wa kwanza auone mama peke yake, mgahawani, kwenye simu. Akitaka kitu kitoke, kinatoka bila kuulizwa sababu. Kisha katibu, mara moja tu, kwa makosa ya ukweli: jina la mahali, namba ya simu, hatua za upimaji. Maoni ya "tuongeze kidogo historia ya ushirika" yaende kwenye kipeperushi.