YAH: MAOMBI YA TAKWIMU ZA KAYA ZA WAKULIMA WA MICHIKICHI MKOANI KIGOMA, SENSA YA KILIMO 2019/20 NA 2007/08

Zaituni Hamisi Ntibakazi,
Ujiji, Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

12 Februari 2025

Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
Ofisi ya Taifa ya Takwimu,
DODOMA.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa sasa nipo Kigoma nikikusanya taarifa za utafiti wangu kuhusu nafasi ya wanawake katika kilimo na biashara ya mawese. Barua ya utambulisho ya chuo na muhtasari wa pendekezo la utafiti nimeviambatanisha.

Ripoti ya Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya 2019/20 nimeisoma, na imenisaidia kuona hali ya mkoa kwa ujumla. Swali langu, hata hivyo, liko ndani ya kaya, na jumla ya mkoa haiwezi kulijibu: je, kaya inayoongozwa na mwanamke ina michikichi michache kuliko ya jirani yake, au inayo mingi lakini inauza kidogo? Kwa sababu hiyo naomba takwimu ghafi za ngazi ya kaya kwa wakulima wadogo wa Mkoa wa Kigoma, zikiwa zimeondolewa majina na kila kinachoweza kumtambulisha mhojiwa. Ninachohitaji ni jinsia, umri na elimu ya mkuu wa kaya, eneo la ardhi, idadi ya michikichi na eneo lake, mavuno, kiasi kilichouzwa, msimbo wa wilaya, pamoja na uzani wa sampuli. Bila uzani huo hesabu zangu zitakuwa za kaya zilizohojiwa tu, si za mkoa.

Kwenye mavuno naomba msaada wa ziada. Huku mkulima anaweza kukutajia mikungu, magunia ya chikichi, au madumu ya lita 20 ya mawese yaliyokwisha kukamuliwa. Mise, yaani kokwa za ndani ya chikichi, huhesabiwa peke yake, na mara nyingi pesa yake huenda kwa mama. Naomba kujua kipimo kilichoandikwa kwenye dodoso na namna kilivyobadilishwa kuwa kilo, kwani kosa la hapo litaharibu kila kitakachofuata. Dodoso lenyewe, mwongozo wa wadadisi na orodha ya maelezo ya vigezo vitanitosha.

Ombi la pili ni vigezo hivyohivyo kutoka Sensa ya Sampuli ya Kilimo ya 2007/08. Wakati ule Uvinza ilikuwa bado sehemu ya Kigoma Vijijini, Buhigwe ilikuwa Kasulu na Kakonko ilikuwa Kibondo. Nitaziunganisha wilaya mpya zirudi kwenye mipaka ya zamani ndipo nilinganishe, hivyo sihitaji majina ya vijiji wala alama za ramani. Kama msimbo wa wilaya nao unaonekana kuhatarisha usiri, tafadhali nipatieni kundi la wilaya lililokwisha kuunganishwa.

Niliwahi kufikiria kutumia Utafiti wa Kufuatilia Kaya, lakini sampuli yake haikupangwa kuwakilisha mkoa mmoja mmoja, na kaya za Kigoma zenye michikichi zingekuwa chache mno. Sensa ya 2019/20 ina thamani ya pekee kwangu. Kampeni ya kufufua zao hili ilianza 2018, na miche ya mbegu mpya ya tenera iliyopandwa baada ya hapo ilikuwa haijaanza kuzaa, maana mchikichi huchukua takribani miaka mitatu au zaidi. Takwimu hizo basi zinaonyesha wakulima walipokuwa kabla mbegu mpya haijabadili hesabu zao. Miaka kumi ijayo mtu atataka kujua nani alifaidika, na hapo ndipo pa kuanzia.

Naahidi kutumia takwimu hizi kwa utafiti huu pekee, kutompa mtu mwingine faili, kutojaribu kumtambua mhojiwa yeyote, na kufuata masharti ya Sheria ya Takwimu, Sura 351. Niko tayari kusaini fomu ya usiri. Faili zikiwa za Stata (.dta) au CSV zitanifaa zote mbili. Kama ipo ada, naomba nijulishwe mapema ili niombe kibali cha malipo chuoni. Uchambuzi umepangwa kuanza mwezi Aprili. Ikiwa sehemu ya 2007/08 itachelewa, naomba ya 2019/20 itangulie.

Tasnifu ikikamilika nitaleta nakala ofisini kwenu na nyingine kwa Meneja wa Takwimu wa Mkoa.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Zaituni H. Ntibakazi

Nakala: Meneja wa Takwimu, Mkoa wa Kigoma
Viambatanisho: Barua ya utambulisho, muhtasari wa pendekezo la utafiti